Jibu la Neno Moja na Nukta Yake

Jibu la neno moja, kama "Ok", "Noted" au "Sawa", lina vitu viwili tu vya kusomwa: neno lenyewe, na alama iliyowekwa mwishoni mwake au nafasi tupu pale ambapo alama ingekaa. Sauti haimo, uso haumo, wala kichwa kinachotikiswa kwa kukubali hakimo. Anayelipokea kwenye simu hana budi kuamua mwenyewe lilisemwa kwa namna gani, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwandishi alikuwa na haraka tu. Msomaji akaona kwamba amechukiwa, amepuuzwa au amechosha.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaijua nguvu ya sauti katika neno fupi kwa sababu anaitumia kila siku. "Haya" ikipandishwa mwishoni humwambia mwenzako aendelee, unamsikiliza. Ikivutwa taratibu, ni kukubali kwa shingo upande. Ikikatwa ghafla na mama anayemwangalia mtoto wake jicho kali, maneno yamekwisha na kinachofuata mtoto anakijua. Herufi ni zilezile nne. Zinapoandikwa, tofauti zote hizo hufutika, na msomaji hubaki na "Haya" moja ambayo inaweza kuwa yoyote kati ya hizo.

Katika barua ndefu upungufu huu hauumi sana, kwa kuwa maneno hupeana mwanga. Salamu ya mwanzo, habari za nyumbani na dua ya mwisho humwonyesha msomaji moyo wa mwandishi, hata kama katikati kuna sentensi moja kavu. Jibu la neno moja halina jirani wa kulisaidia. Kwa hiyo msomaji hushika chochote kilichobaki: kama kuna nukta au hakuna, jibu ni fupi kiasi gani likilinganishwa na alichoandika yeye, na limechukua muda gani kufika. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyogeuka kuwa sauti.

Kuhusu nukta, kuna jaribio ambalo limetajwa mara nyingi na linafaa kuelezwa vizuri. Mwishoni mwa mwaka 2015, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Binghamton katika jimbo la New York, Marekani, wakiongozwa na Celia Klin, walitangaza matokeo waliyoyapata kwa wanafunzi 126 wa chuo. Wanafunzi hao walipewa mazungumzo mafupi ya kusoma. Katika kila moja, mtu wa kwanza alitoa habari kisha akauliza swali lenye mwaliko. Kwa mfano, amepewa tiketi za ziada, je, mwenzake angependa waende pamoja? Mwenzake alikubali kwa neno moja la Kiingereza, kama "Okay", "Sure", "Yeah" au "Yup". Baadhi ya majibu yalikuwa na nukta mwishoni na mengine hayakuwa na alama yoyote. Kazi ya wanafunzi ilikuwa kukadiria kama jibu lilitoka moyoni.

Watafiti waliongeza kipengele kimoja ambacho ndicho kinachoupa utafiti huu thamani. Mazungumzo yalionyeshwa kwa sura mbili: upande mmoja kama ujumbe kwenye simu, upande mwingine kama vijibarua vilivyoandikwa kwa mkono kwenye karatasi. Kwenye simu, jibu lenye nukta lilionekana kutoka moyoni kwa kiasi kidogo kuliko lile lisilo na nukta. Kwenye karatasi, nukta haikuleta tofauti. Neno lilikuwa moja na alama ilikuwa moja. Kilichobadilika ni mahali zilipoandikwa. Kwa hiyo ubaridi haukai ndani ya nukta yenyewe. Unatokana na desturi za mahali inapotumika.

Tofauti iliyopimwa ilikuwa ndogo, na hilo linapaswa kusemwa wazi, kwa sababu habari zilizosambaa baadaye ziliifanya nukta ionekane kama tusi. Kilichopimwa ni kitu mahususi: neno moja la kukubali mwaliko, kwa Kiingereza, likisomwa na vijana wa chuo. Baadhi ya watafiti wa kundi hilo walilirudia suala hilo katika makala ya mwaka 2018, wakakuta tena kwamba jibu la neno moja lenye nukta husomeka kuwa kavu na hasi zaidi. Mwelekeo ni thabiti, lakini si sheria inayomtia hatiani kila anayefunga sentensi yake kama alivyofundishwa shuleni.

Sababu ya mwelekeo huo inaeleweka mtu akifikiri nukta inafanya kazi gani. Kwenye karatasi, nukta ni ya lazima. Bila hiyo msomaji hajui sentensi imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi, na kwa kuwa kila mtu huiweka, kuwekwa kwake hakuelezi chochote kuhusu hali ya mwandishi. Kwenye simu kazi hiyo imechukuliwa na kitu kingine. Ujumbe unapotumwa hufungiwa ndani ya kisanduku chake, na ukingo wa kisanduku ndio unaoonyesha kwamba maneno yamekwisha. Wengi hugawa mazungumzo yao vipandevipande, kila wazo na kisanduku chake, na hawahitaji nukta hata moja. Nukta imebaki bila kazi, ila bado ipo kwenye kibodi. Anayeiandika anaonekana kuwa ameamua kuiandika, na binadamu huuliza sababu ya kila jambo linaloonekana kuwa ni la kuamua. Amefunga mlango? Ameniambia nisiendelee?

Kanuni hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe huonekana mara ujumbe unaporefuka. Katika ujumbe wa sentensi tatu ndani ya kisanduku kimoja, nukta za katikati zina kazi yake ya zamani, yaani kutenganisha sentensi, na hakuna anayezisoma kama hasira. Nukta ya mwisho katika ujumbe kama huo pia hupita kimya, kwa sababu imeandamana na wenzake. Katika barua pepe rasmi, tangazo la mkutano au barua ya maombi ya kazi, nukta haina ubaya wowote, na kuiacha ndiko kungeonekana uzembe. Panapobaki pa hatari ni pale penye neno moja au mawili, mwenye nayo akiwa mtu ambaye kwa kawaida haweki nukta.

Urefu wa jibu hufanya kazi kwa njia inayofanana na hiyo. Ufupi wenyewe si ukali. Ukali huanza pale ufupi unapoonekana kuwa ni wa kuchagua.

Zamani ufupi ulikuwa na sababu ambayo kila mtu aliijua. Simu ya maandishi ililipiwa kwa neno, na hakuna aliyetarajia mapenzi yajazwe humo. Taarifa ya msiba iliweza kuja kwa maneno manne bila mtu kumlaumu aliyeituma. Meseji za simu za mkononi nazo zilikuwa na kikomo cha herufi 160, na ukizidisha unalipia meseji ya pili. Vijana wa Afrika Mashariki wa miaka ya 2000 walijifunza kubana maneno ndani ya kikomo hicho: "sijui" ikawa "cjui", "tuko" ikawa "2ko", na "poa" ikabaki "pw". Jibu la "pw" peke yake halikumuumiza mtu. Aliyelipokea alijua kwamba mwenzake anatunza salio, na huenda alishukuru kwamba amejibiwa kabisa.

Baadaye vikaja vifurushi vya intaneti na programu kama WhatsApp, ambako kuandika maneno 20 hakugharimu zaidi ya kuandika neno moja. Udhuru wa gharama ukaondoka. Jibu fupi, lililokuwa na maelezo ya kiuchumi, likabaki na maelezo ya kibinadamu tu: hana muda, au hana moyo. Na kwa kuwa muda wa kuongeza maneno matatu haufiki hata nusu dakika, msomaji mwenye wasiwasi hulitazama lile la pili kwanza.

Novemba 2014 WhatsApp iliongeza tiki za bluu, na kwa "Noted" lilikuwa pigo kubwa kuliko wengi walivyotambua. Kazi halisi ya "Noted" ni kusema kwamba ujumbe umefika na umesomwa. Tiki mbili za bluu husema hilo kabla mtu hajagusa kibodi, isipokuwa pale mwenye simu alipozizima kwenye mipangilio. Jibu linalothibitisha tu kwamba ujumbe umesomwa linarudia kitu ambacho simu imekwisha kukisema, na hapo msomaji hubaki akitafuta linaongeza nini. Asipopata, huhisi kwamba alichoongezewa ni umbali. Yaliyoipata nukta baada ya kisanduku cha ujumbe ndiyo yaliyoipata "Noted" baada ya tiki.

Kipimo ambacho wasomaji hutumia, bila kujua kwamba wanapima, ni uwiano. Mtu aliyeuliza "Upo ofisini?" akajibiwa "Ndiyo" hana la kulalamikia, swali lilikuwa dogo na jibu limetosha. Aliyeandika mistari kumi akieleza ugonjwa wa mama yake, akaomba asogezewe zamu, kisha akajibiwa "Ok", amepata jibu ambalo halilingani na alichokitoa. Kilichomuuma si herufi mbili hizo. Ni pengo lililo kati ya mistari kumi na herufi mbili. Pengo hilo huonekana hata kwa macho: kisanduku kikubwa upande mmoja wa skrini, na chini yake kijisanduku kidogo upande wa pili.

Mwenye kutuma halioni pengo hilo, na sababu yake imechunguzwa. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio kuhusu barua pepe. Washiriki walipewa kazi ya kufikisha kauli kwa wenzao, nyingine zikiwa za dhati na nyingine za kejeli, ama kwa sauti ama kwa barua pepe. Kabla ya majibu kutolewa, waliulizwa wanadhani wenzao wataelewa kwa kiasi gani kauli ipi ni ya dhati na ipi ni ya kejeli. Walitabiri kwamba wataeleweka kwa takriban asilimia 78, na utabiri haukutofautiana kati ya sauti na maandishi. Waliotumia sauti walikaribia utabiri wao. Waliotumia barua pepe walieleweka kwa takriban asilimia 56, na kwa kuwa majibu yaliyowezekana yalikuwa mawili tu, hiyo ni juu kidogo ya kurusha sarafu.

Maelezo ya watafiti hao ni rahisi kuyatambua katika maisha ya kawaida. Mtu anapoandika, huisikia sauti yake mwenyewe kichwani. "Ok" anayoiandika ina tabasamu, kwa sababu yeye anatabasamu anapoiandika. Akiisoma tena kabla ya kuituma, bado anaisikia na tabasamu lile, na haimjii kwamba mwenzake anazisoma herufi mbili tupu. Ndiyo maana kuambiwa "ulinijibu vibaya" humshangaza mtu kwa dhati. Katika kumbukumbu yake hakujibu vibaya, na anasema kweli.

Upande wa pili nao una mzigo wake. Kristin Byron, mtaalamu wa menejimenti, alitoa hoja katika makala ya mwaka 2008 kwamba barua pepe za kazini hupoteza joto zinaposomwa: ujumbe uliokusudiwa kuwa mchangamfu husomwa kama wa kawaida, na uliokusudiwa kuwa wa kawaida husomwa kama mbaya. Ni kana kwamba kila ujumbe hushuka ngazi moja njiani. Jibu la neno moja, ambalo hutoka kwa mwandishi likiwa la kawaida kabisa, halina ngazi ya kushukia isipokuwa ile ya ubaya.

Mteremko huo huwa mkali zaidi pale vyeo vinapotofautiana. Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini kila aliyefanya kazi katika ofisi ya Dar es Salaam au Mombasa ataifahamu sura yake. Saa mbili asubuhi mfanyakazi kijana anamwandikia mkuu wake wa idara, mwanamke mwenye umri wa mama yake: "Shikamoo mama. Ripoti ya mwezi nimeimaliza, nimeituma kwenye barua pepe yako. Pia naomba ruhusa Ijumaa mchana, nina miadi ya kumpeleka mtoto kliniki. Asante." Saa sita jibu linafika: "Noted."

Ujumbe wa kijana una mambo matatu, na kila moja linahitaji kitu chake. Shikamoo inahitaji marahaba. Ripoti inahitaji kuthibitishwa kwamba imefika, labda na kauli kwamba itasomwa lini. Ombi la ruhusa linahitaji ndiyo au hapana. "Noted" haijatoa hata kimoja kwa ukamilifu. Salamu imeachwa hewani, na kwa mtu aliyelelewa kwenye adabu ya shikamoo, kutoitikiwa ni jambo linalohisiwa mwilini. Ripoti huenda imepokelewa. Ruhusa haijulikani: mkuu amekubali, au amesikia tu na atatafakari? Juu ya hayo ipo nukta, na yapo masaa manne ya kusubiri.

Kijana sasa anaanza kutafuta maana. Ripoti ilichelewa siku moja; labda ndiyo sababu. Mwezi uliopita pia aliomba ruhusa. Labda ameonekana mtegaji. Hawezi kuuliza tena, kwa sababu kumwuliza mkubwa mara mbili kunaweza kuonekana kama kumsumbua. Ijumaa inakaribia na hajui aiahirishe miadi au la. Mkuu wake, kwa upande mwingine, alikuwa kikaoni, aliisoma meseji chini ya meza, hakuona tatizo lolote na akaandika neno ambalo ofisi yao hulitumia kila siku. Kwake jambo lile lilikwisha saa sita na dakika moja.

Kisa hiki kinaonyesha kitu ambacho mijadala kuhusu adabu ya simu hukipita haraka mno. Hisia ya ubaridi mara nyingi ina msingi: jibu limeacha swali bila kujibiwa. Anayemwambia kijana asiwe mwepesi wa kuumia anakosea, kwa kuwa kijana amekosa habari anayoihitaji. Jibu lingekuwa "Marahaba mwanangu, ripoti nimeiona nitaisoma jioni. Ijumaa nenda tu", lingechukua kama nusu dakika na lisingeacha swali hata moja. Joto lake halikutokana na maneno ya kubembeleza. Kila kipande cha ujumbe wa kwanza kimepata mwenzake.

Utata wa kati ya kupokea na kukubali umewahi kufika hata mahakamani. Katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mwaka 2021, mnunuzi wa nafaka alimtumia mkulima picha ya mkataba wa mbegu za kitani pamoja na maneno ya kumwomba athibitishe. Mkulima alijibu kwa emoji ya dole gumba. Mbegu hazikuletwa, bei ya soko ikapanda, na mnunuzi akashtaki. Mkulima alijitetea kwamba dole gumba lilimaanisha ameupata mkataba, si kwamba ameukubali. Juni 2023 jaji aliamua dhidi yake, akaamuru alipe zaidi ya dola 82,000 za Kanada. Miongoni mwa yaliyomshawishi jaji ni kwamba katika mikataba ya nyuma mkulima huyo alikuwa amejibu kwa maneno kama "Ok" na "Yup", kisha akaleta mazao kama ilivyoandikwa. Desturi kati ya watu wawili ndiyo iliyolipa jibu fupi maana yake.

Uamuzi huo wa jaji unafuata njia ileile ambayo msomaji makini hufuata kwenye simu yake. Kabla ya kuamua kwamba "Sawa." ya leo ni ya hasira, inafaa kutazama "sawa" zilizopita za mtu huyohuyo. Wapo wanaoweka nukta kila mahali, hasa walioanza kuandika kwenye karatasi au mashine ya chapa, na nukta yao haina habari yoyote ndani yake. Wapo ambao jibu lao refu kuliko yote kwa mwaka mzima ni "poa". Alama ya kuangaliwa ni badiliko: mtu aliyezoea kuandika "sawaa mpenzi, nitakupigia nikifika", leo ameandika "Sawa." Hapo kuna jambo, na kupiga simu kutalifichua upesi kuliko kuitazama skrini.

Umri huleta mkanganyiko wa aina nyingine katika nukta tatu zinazofuatana, zile ambazo vitabu vya sarufi huziita alama ya dukuduku. Gretchen McCulloch, mwanaisimu wa Kanada aliyeandika kitabu kuhusu lugha ya intaneti mwaka 2019, ameeleza kwamba watu wazima wengi huzitumia kama kitenganishi tu kati ya wazo moja na jingine, kama walivyofanya kwenye kadi za posta. Vijana huzisoma kama kitu kilichoachwa bila kusemwa. Mzazi anayeandika "Sawa... tutaongea ukija..." anaweza kuwa anapumzika tu kati ya sentensi, wakati binti yake huko chuoni anakosa usingizi akijiuliza amefanya nini.

Waandishi wa Kiingereza wameijaza nafasi ya sauti kwa alama ya mshangao, kiasi kwamba kazini "Thanks!" imekuwa kawaida na "Thanks." inatiliwa shaka. Kwa Kiswahili dawa hiyo haifanyi kazi vizuri. Shuleni alama ya mshangao hufundishwa pamoja na mshtuko, huzuni na amri: Lo! Ole wake! Toka! "Sawa!" inayotoka kwa mkubwa inaweza kusikika kama mtu aliyechoshwa na maelezo. Anayeikopa desturi hiyo moja kwa moja anaweza kuongeza ukali pale alipotaka kuupunguza.

Kiswahili kina vifaa vyake, na kifaa chenye nguvu kuliko vyote ni jina la kumwita mtu. "Sawa" ni kavu. "Sawa mama", "Sawa kaka", "Sawa dada yangu" au "Sawa mwalimu" zimekwisha kupata sauti. Neno moja tu limeongezwa, lakini neno hilo humweka msomaji mahali pake kwa mwandishi, na mtu aliyewekwa mahali pake hana haja ya kutafuta kama amefukuzwa. Kinachofuata kwa nguvu ni itikio: salamu ikiitikiwa, hata jibu fupi linalofuata husomwa kwa amani. "Marahaba. Nimepokea" ni maneno mawili, na si ya baridi.

Kuvuta irabu nako hufanya kazi, kama katika "sawaaa" na "asanteee". Yoram Kalman na Darren Gergle walichunguza urudiaji wa herufi katika barua pepe za kampuni ya Enron ya Marekani, na katika makala yao ya mwaka 2014 walionyesha kwamba mara nyingi herufi zinazorudiwa ni zile ambazo mtu angezivuta kwa sauti, ingawa si kila mara. Mwandishi wa "sawaaa" anajaribu kurudisha sauti iliyopotea. Hata hivyo kifaa hiki ni cha watu waliozoeana. Mfanyakazi hamwandikii mkurugenzi "sawaaa". Kijineno "tu" kinavuka mipaka hiyo vizuri zaidi: "Njoo" inaweza kuwa amri, lakini "Njoo tu" ni ruhusa yenye ukarimu, na inafaa kwa mkubwa na mdogo.

Emoji husaidia ila hazina maana moja kwa wote. Dole gumba hasa lina tatizo lilelile la "Noted": wengine hulisoma kama kibali cha moyo mmoja, wengine kama njia ya kumaliza mazungumzo bila kujisumbua kuandika. Likifuatana na neno, kama "Sawa baba 👍", utata hupungua. Likisimama peke yake chini ya ujumbe mrefu, hurudi kwenye suala la uwiano.

Kuna mahali ambapo jibu la neno moja ndilo sahihi na kurefusha ni kero. Katika kundi la wazazi 60 wa darasa moja, mwalimu akitangaza kwamba kesho shule itafunguliwa saa moja, kila mzazi akiandika salamu, shukrani na dua, tangazo lenyewe litasukumwa juu hadi lisionekane. Hapo "Nimepokea" inatosha, na mara nyingine hata hiyo haihitajiki. Msafirishaji anayeuliza "Mzigo umefika?" anataka "Umefika", kwa kuwa anaendesha. Daktari wa zamu aliyejibu "Ok" kwa muuguzi aliyempa namba ya kitanda hajamdharau mtu. Katika hali hizi zote ujumbe wa kwanza ulikuwa mfupi au ulielekezwa kwa wengi, haukubeba ombi wala habari ya moyoni, na wote wawili wanajua kazi inayoendelea. Pale ambapo mojawapo ya masharti hayo limekosekana, hasa ombi linapokuwa ndani ya ujumbe, jibu linahitaji angalau kitenzi kinachosema nini kitafanyika: nitasoma, nenda, subiri, haiwezekani.

Hata "haiwezekani" ikiandikwa kwa ukamilifu haileti ubaridi wa "Noted." Kijana aliyejibiwa "Marahaba mwanangu. Ijumaa haiwezekani, tuna wageni kutoka makao makuu; mpeleke Jumatatu asubuhi" amenyimwa alichoomba, lakini hana sababu ya kukesha akilichambua jibu. Anajua alipo, na anaweza kupiga simu kliniki siku ileile abadilishe miadi.